Maelezo ya slaidi za mwitikio wa kinga ya mwili

Ndugu mwanafunzi,

Slaidi ya kwanza imeitenga kinga katika safu mbili, ya asili kushoto na mahususi kulia, na mpangilio huo huwapotosha wengi, kwani mwilini mbili hizi hufanya kazi kwa kupokezana. Slaidi ya pili, inayotaja ngozi, kamasi na asidi ya tumboni, unaweza kuisoma mwenyewe.

Mfikirie mgonjwa ambaye mahali alipowekewa kanula pamekuwa pekundu, pamevimba, pana joto na panauma. Hapo kinga ya asili imekwisha kuanza kazi: histamini imetanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivujishe majimaji, neutrofili, ambazo ni seli nyeupe za damu, zimewasili ndani ya saa chache kumeza bakteria, na makrofaji, seli nyingine za kumeza vijidudu, zinafuata. Kinga hii haisubiri kumtambua adui kwa jina.

Kiungo cha safu hizo mbili ni seli za dendriti, ambazo slaidi imezitaja kwa mstari mmoja tu. Hizo humeza kijidudu, husafirisha vipande vyake, yaani antijeni, hadi kwenye tezi za limfu, na kuvionyesha kwa seli T. Ndiyo maana mkono ukiwa na jipu, tezi za kwapani huvimba. Seli T za CD8 huua seli zilizokwisha kuingiliwa na virusi, ilhali zile za CD4 huzichochea nyingine, zikiwemo seli B. Virusi vya UKIMWI vikizimaliza seli za CD4, pande zote hulegea.

Seli B zilizochochewa hugeuka kuwa seli za plazma zinazotengeneza kingamwili. Kingamwili hazimezi kijidudu. Huking'ang'ania kisiweze kuingia kwenye seli, au hukitia alama ili makrofaji zikimeze. Kati ya aina zake, IgM hutangulia, IgG hufuata na ndiyo inayopita kwenye kondo la nyuma, na IgA hupatikana kwa wingi katika dang'a.

Grafu ya mwisho ndiyo ya kuikalia. Mwili ukikutana na kijidudu mara ya kwanza, kingamwili huchukua siku kadhaa kuonekana na kilele chake ni kifupi. Mara ya pili hupanda upesi na juu zaidi, kwa sababu seli za kumbukumbu zilibaki. Mwaka 1846 daktari Peter Panum aliona katika visiwa vya Faroe kwamba wazee waliougua surua mwaka 1781 hawakuipata tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita.

Mama akikuuliza kliniki kwa nini chanjo ya surua haitolewi mtoto anapozaliwa, mweleze kwamba IgG aliyompa mtoto wake ingeidhoofisha chanjo hiyo kabla seli za mtoto hazijajifunza, hivyo nchini Tanzania husubiriwa miezi 9. Dozi ya miezi 18 nayo, tofauti na wengi wanavyodhani, hulenga zaidi kuwafikia watoto ambao dozi ya kwanza haikuwajengea kinga.