Barua ya Maombi ya Mkopo wa Kuanzisha Famasi, Masasi

S.L.P. 217,
Masasi.
9 Juni 2025

Meneja wa Tawi,
Benki ya NMB,
Masasi.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA MKOPO WA TSH 28,000,000 WA KUANZISHA FAMASI

Mimi ni mfamasia niliyesajiliwa na Baraza la Famasi. Nimefanya kazi katika famasi za watu Mtwara na Masasi kwa miaka saba, na sasa nataka kufungua famasi ya rejareja jirani na Hospitali ya Mkomaindo. Msimamizi nitakuwa mwenyewe, hivyo sitaajiri mfamasia mwingine.

Mtaji wote ni TSh 45,000,000. Akiba yangu ni 17,000,000. Pango la mwaka litachukua 3,600,000. Makabati, kaunta, kiyoyozi, friji na betri za sola 9,400,000. Vibali, leseni na kompyuta 2,000,000. Mishahara na matumizi ya miezi ya mwanzo 6,000,000. Zinazobaki, 24,000,000, ni za dawa.

Hapo kwenye dawa ndipo famasi nyingi hufia. Mtu hujaza makabati siku ya kwanza, kisha nusu ya mzigo huisha muda bila kuuzwa. Kwa hiyo naomba mnipe mkopo kwa awamu mbili: 18,000,000 sasa, na 10,000,000 baada ya miezi mitatu, nikishajua wateja wanaulizia nini. Nitaanza na dawa za presha, sukari, malaria na watoto. Mgonjwa wa presha au sukari hurudi kila mwezi, na huyo ndiye nguzo ya mauzo yangu. Insulini lazima ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, ndiyo maana betri za sola zimo kwenye bajeti. Umeme ukikatika usiku, hasara ni yangu.

Nakadiria mauzo ya TSh 450,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani 11,700,000. Faida ghafi ni robo, 2,925,000. Nikitoa mshahara wa mteknolojia dawa, pango, umeme, ulinzi na kodi, jumla 1,500,000, hubaki 1,425,000. Naweza kurejesha hadi 1,000,000 kwa mwezi kwa miezi 36, nikiomba miezi mitatu ya kwanza nilipe riba tu. Mauzo hupanda fedha za korosho zikiingia kuanzia Oktoba na kushuka kuelekea Machi. Ziada ya msimu nitaiweka kwenye akaunti ya hapo tawini ifidie miezi mikavu. Dawa za mkopo kwa wateja sitatoa, hata kwa ndugu. Wa bima sijawahesabu kabisa, kwa kuwa malipo yao huja baada ya madai kukaguliwa.

Dhamana ni kiwanja changu chenye hati, Masasi mjini, kilichothaminiwa TSh 35,000,000.

Naambatisha cheti cha usajili, TIN, mkataba wa pango, ankara kifani za wauzaji wa jumla, ripoti ya mthamini na taarifa ya benki ya miezi 12. Baraza halitoi kibali kabla ya kukagua jengo, hivyo naomba jibu kabla ya mwisho wa Julai ili ukarabati uanze.

Wako,

Rehema S. Chilumba
Mfamasia