Bikoni ya 17

Mwenyekiti alitaka ramani ibandikwe ukutani kabla ya saa nne, watu waione, mkutano mkuu wa kijiji uipitishe. Kazi yangu asubuhi ile ilikuwa kuihakiki tu: kukaa na karatasi mezani pale ofisi ya kijiji, kila mwenye shamba anakuja, namwonyesha mipaka yake, anatia dole gumba. Nilikuwa mwanagenzi wa miezi mitano. Mzee Masanja, mpima aliyenifundisha, alikuwa nje akiongea na wavuvi.

Upande wa Magu huku mashamba yanashuka hadi karibu na ziwa, kisha unakuja mwalo wenye vichanja vya dagaa. Mama Doto alikuwa wa tisa kwenye foleni.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Nionyeshe kisima changu."

Nikamwonyesha. Alama ya kisima ilikuwa nje ya mstari wake, upande wa mwalo. Hakupiga kelele. Aliweka kidole kwenye ile alama, akakiacha hapo.

"Kisima hiki kilichimbwa na marehemu baba Doto. Kiko kwangu. Nyie wenyewe mlikunywa maji yake."

Kweli tulikunywa. Siku ile tulipita hapo na kifaa cha GPS, tukaweka zege la bikoni ya 17, jiwe la kona ya shamba lake, kupita kisima kuelekea ziwani, hatua kama kumi na tano hivi, na mimi ndiye niliyebeba ndoo ya mchanga.

Nikaisogeza ramani dirishani. Sikuona kosa kwenye mistari, niliona namba. Bikoni tulizipanga tukitembea kufuata mshale wa saa: 16, 17, 18, 19. Kwenye ramani ukizunguka shamba la Mama Doto unasoma 16, 18, 17, 19. Namba za bikoni haziruki hivyo. Hakuna mpima anayevuka shamba kwa mshazari kuweka jiwe, halafu anarudi nyuma kuweka linalofuata.

Nikafungua daftari la uwandani, nikalilaza pembeni ya jedwali la ramani.

```
DAFTARI
17   E 541212   N 9722148
18   E 541296   N 9722120

RAMANI
17   E 541296   N 9722148
18   E 541212   N 9722120
```

Namba za mashariki zilikuwa zimebadilishana nafasi. Za kaskazini zilibaki palepale. Aliyechapa alishuka mstari mmoja mapema, kisha akarudi kwenye ule aliouruka, basi. Kompyuta ilipounganisha nukta kwa mpangilio, mistari ilikatana katikati ya shamba kama mkasi, na mchoraji, badala ya kuuliza, akageuza mpangilio mpaka umbo likakaa vizuri. Hapo ndipo kosa lilipopata pa kujificha. Eneo la kweli ni mita za mraba 8,784. La ramani, 8,532. Kwa macho, nani angeshtuka?

Lakini kona ya magharibi ilirudi nyuma mita 28 na kukiacha kisima nje, na ya mashariki ikasogea mita 28 kuelekea ziwani, ndani ya zile mita 60 za ukingo ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazikinga. Hati ya hakimiliki ya kimila ingetoka na mipaka hiyo. Mama Doto angenyang'anywa maji yake na kupewa ufukwe asioruhusiwa kujenga.

Nikamwita Mzee Masanja. Mikono ilikuwa inatetemeka, kwa sababu nilijua ni nani alichapa jedwali lile.

Alisoma kimya. Kisha akachukua futikamba.

"Kutoka 16 mpaka 17 daftari linasemaje?"

"Mita 108.66, mzee. Kwenye ramani, kona hiyo ya magharibi iko mita 80.89 tu."

Tulikwenda. Futikamba yetu ni ya mita 50, kwa hiyo tuliivuta mara tatu, Mama Doto akituondolea mihogo njiani. Nilipiga magoti kwenye zege, nikakwangua udongo kwa kucha mpaka namba ikaonekana. 17. Futikamba ilisoma mia na nane na sentimita sitini na kitu.

Tukarudi ofisini. Mwenyekiti alikuwa ameshika gundi.

"Mwenyekiti, ramani haibandikwi leo," alisema Mzee Masanja. "Nimekosea mimi, na binti huyu ndiye aliyeona."

Watu waliguna. Wengine walikuwa wameacha nyavu zao kuja. Mzee hakujitetea. Alipiga mstari mmoja mwekundu juu ya kila namba iliyokosewa, bila kufuta, akaandika ya sahihi juu yake, akasaini. Akanisukumia kalamu nami nisaini.

Kisha akavuta kiti.

"Kaa, Kabula. Lete daftari. Tuanze na 20 mpaka 44, maana nilizichapa usiku uleule."

Mama Doto alikuwa bado mlangoni. Hakuondoka mpaka tulipofika 44.