Karibuni kwenye Hifadhidata: Hotuba kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Marahaba, marahaba. Kaeni, jamani. Mliosimama mlangoni sogeeni huku mbele, viti vipo na havina masharti.

Mkuu wa idara, walimu wenzangu, mafundi wetu wa maabara, na ninyi wanafunzi wapya: karibuni sana chuoni. Nimepewa dakika chache niseme kwa nini somo la hifadhidata mnalikuta muhula huu huu wa kwanza, wakati wengi wenu mmekuja na hamu ya kutengeneza programu za simu. Kila mwaka naulizwa swali hilo, na anayeuliza huwa na uso wa mtu aliyeagiza chipsi akaletewa ugali.

Hebu tuangalie mlivyofika kwenye hivyo viti. Ulipofanya mtihani wa kidato cha nne ulipewa namba: namba ya kituo, namba yako wewe, na mwaka. Ulipoomba chuo, ukaijaza namba hiyo na matokeo yako yakajitokeza. Ukaomba mkopo, ukaijaza tena. Ukapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ukalipa ada kwa simu ukiwa Kigoma au Tandahimba, na mhasibu hapa chuoni akaona umelipa. Hakuna aliyebeba faili lako kwapani kutoka ofisi hii kwenda ile. Mifumo iliulizana, ikajibizana, na kila jibu lilitoka kwenye hifadhidata, yaani kwenye jedwali ambalo mtu fulani alikaa chini akalipanga.

Na kulipanga si kazi ndogo. Chukua jambo linaloonekana jepesi kuliko yote: kumtambua mtu. Nikiita Neema John humu ukumbini, sitashangaa wakiitika wawili. Mohamed mmoja ana "m" moja katikati kwenye cheti cha kuzaliwa na mbili kwenye cheti cha shule. Kwa hiyo jina halifai kuwa ufunguo wa kumtofautisha mtu na mwingine. Tutumie namba ya simu? Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaweza kuifunga na kumpa mtu mwingine namba hiyo, na mtu huyo akaanza kupokea matokeo yako. Tutumie namba ya NIDA? Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ni namba nzuri, lakini wapo ambao bado hawajaipata, na mwenzenu aliyetoka Burundi hatakuwa nayo. Ndiyo maana chuo kinakupa namba yake chenyewe ya usajili, isiyobeba maana yoyote nje ya chuo na isiyobadilika hata ukiolewa ukabadili jina. Uamuzi huo mmoja ukikosewa siku ya kwanza, miaka mitatu baadaye kuna mtu anahangaika kwenye foleni ya ofisi ya mitihani akithibitisha kwamba yeye ni yeye.

Sasa pesa. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo somo letu linapoonyesha makali yake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo tumezoea kumtumia mama shilingi 20,000 bila kufikiri. Tazameni ukutani. Kiini cha jambo lenyewe, nikiondoa makato na mengineyo, ni hiki:

```sql
BEGIN;
UPDATE akaunti SET salio = salio - 20000 WHERE namba = 101;
UPDATE akaunti SET salio = salio + 20000 WHERE namba = 202;
COMMIT;
```

Mstari wa pili unakutoa wewe pesa. Wa tatu unampa mama. Je, umeme ukikatika kwenye seva katikati ya mistari hiyo miwili? Wewe umekatwa, mama hajapata, na shilingi 20,000 hazipo kwa yeyote. Maneno mawili, `BEGIN` na `COMMIT`, yanaiambia hifadhidata: haya ni jambo moja, ama yafanyike yote au lisifanyike hata moja. Seva ikiwaka tena, inasoma kumbukumbu zake, inakuta muamala ambao haukufika `COMMIT`, inaufuta. Na ukishafika, hifadhidata huwa imeshauandika kwenye diski kabla ya kujibu kwamba umekamilika. Kwa hiyo ujumbe wa "umetuma" ukitumwa inavyotakiwa, hutumwa baada ya maandishi, kamwe si kabla.

Kuna tatizo la pili, nalo mtalionja wiki hii hii mkigombea vyumba vya hosteli. Kimebaki kitanda kimoja. Wawili mmebonyeza kwa wakati mmoja. Mfumo uliotengenezwa ovyo unamsomea kila mmoja "kitanda kipo", kisha unawaandikia wote wawili, na jioni mnakutana mlangoni na magodoro yenu. Uliotengenezwa vizuri unamfungia mmoja njia mpaka wa kwanza amalize. Rangi za kitufe na uzuri wa picha havisaidii kitu hapo. Mimi nasema wazi, na wenzangu wanaofundisha usanifu wa kurasa wanisamehe: sura mbaya ya programu hurekebishwa kwa wiki, jedwali baya huishi miaka.

Haya hayakuzuka yenyewe. Miaka ya 1960 mwandishi wa programu alilazimika kujua data imefungwaje ndani ya mashine, afuate viungo kimoja hadi kingine. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa IBM kule San Jose, akapendekeza data ikae kwenye majedwali, na mtu aseme tu anachotaka. Namna ya kukitafuta aiachie mashine. Wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatengeneza lugha ya kuulizia, na mwaka 1974 wakaitangaza. Lugha hiyo ndiyo SQL mtakayoisoma Jumatano. Kwenye kompyuta, kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 50 ambacho bado kinaajiri watu ni kitu cha kuheshimiwa.

Wala msidhani hifadhidata hukaa kwenye majengo makubwa tu. Simu iliyo mfukoni mwako, iwe Android au iPhone, ina hifadhidata ndogo iitwayo SQLite ndani yake. Majina ya watu wako na meseji zako vimo kwenye majedwali.

Na hapo nina onyo moja. Mkishajua kuuliza, mtaweza kuona. Mtapata kazi hospitali, benki, halmashauri, na kwa mstari mmoja wa SQL utaweza kujua jirani yako anatumia dawa gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Tutaisoma, na itakuwemo kwenye mtihani.

Kazi ya kwanza naitoa leo, na kompyuta haihitajiki. Nenda duka la jirani, muombe mwenye duka kwa adabu akueleze anavyoandika daftari lake la madeni. Usinakili majina ya watu. Angalia anaandika nini: nani, kitu gani, lini, kiasi gani, amelipa kipi. Muulize anafanyaje akiwa na wateja wawili wanaoitwa Mama Asha, na mteja akilipa nusu anaandika wapi. Kisha chora majedwali yako kwenye karatasi, kwa penseli, maana utafuta sana. Jumatano saa 2 asubuhi, maabara ya ghorofa ya kwanza. Msiwe na wasiwasi na wingi wenu, tumewagawa makundi mawili na orodha iko ubaoni pale nje. Ukikuta jina lako mara mbili, au hulikuti kabisa, njoo uniambie: tutaanza somo na hilo.