Hodi ya Tatu

Dodoma, Ijumaa jioni

Ndugu Mhariri,

Nakuletea tafsiri ya Sura ya Saba. Naomba uisome usiku, ukiwa peke yako, kabla hujashika kalamu nyekundu, kwa sababu Sura ya Sita ilinirudia ikiwa imeshonwa upya: sentensi kumi na moja za maneno mawili matatu zilikuwa zimeunganishwa kwa "na", "kisha" na "ambapo" hadi zikawa nne ndefu, sanifu kabisa, zisizomtisha mtu yeyote.

Nakubali kwamba Kiswahili kinapenda kutiririka. Kiambishi -ka- kina kazi hiyo: akafungua, akaingia, akaketi, na msomaji huteleza pamoja na mhusika bila kugusa breki. Nimekitumia pale Neema anapokwenda haraka. Pale anapoganda nimerudi kwenye -li-, kila tendo na nukta yake. Tena, "alimsikia" ni sentensi kamili kwa neno moja. Kiingereza kinataka maneno matatu, na ndani ya hayo matatu hulazimika kusema kama aliyesikika ni mwanamume au mwanamke. Mwandishi amehangaika na "kivuli" na "yule mtu" ili aifiche jinsia ya aliye nje. Mimi sikuhitaji hila hiyo. Siri imejificha ndani ya a-, kwa hiyo tafadhali usiongeze "bwana" wala "mama" popote.

Rasimu niliyorithi ilisema saa mbili usiku, wakati ambapo Hombolo watu bado wananawa mikono wale. Mwandishi anahesabu kuanzia saa sita ya usiku. Ni saa nane, usiku wa manane hasa. Na kwake mtu anagonga mlango mara tatu. Nimemfanya apige hodi, maana kila msomaji wetu anajua kwamba asiyeitikiwa hodi ya tatu huondoka, na hofu ya sura nzima imekaa juu ya desturi hiyo.

Neno la mwisho libaki peke yake kwenye mstari wake, hata kama nusu ya ukurasa itakuwa nyeupe.

Wako katika kazi,
Mfasiri

SURA YA SABA

Kufuli lilifunguka kwa shida. Neema akalitia mfukoni, akaingia kwenye kibanda cha pampu, akaurudisha mlango na kusukuma komeo. Ilikuwa saa nane usiku. Nje, upepo wa Julai ulikuwa ukipita kwenye nyaya za mizabibu, safu baada ya safu mpaka karibu na bwawa la Hombolo, na kila waya ulioguswa ulitoa mluzi wake.

Aliwasha tochi ya simu na kuifunika kwa kiganja. Mwanga ukabaki mwekundu kati ya vidole.

Chumba kilikuwa kidogo. Injini ya dizeli ilikuwa katikati, pipa la mafuta lilikuwa kando yake, na kwenye kona ya mbali palikuwa na rundo la nyavu za kuzuia ndege, lililofika kiunoni. Juu ya rafu, nyuma ya makopo ya grisi, kilikuwepo kitu alichoelezwa na mlinzi mzee siku mbili kabla mzee huyo hajatoweka: daftari la mizani, lenye jalada gumu la kijani, lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Alilifungua.

Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili. Safu ya kwanza ilionyesha kilo zilizopimwa mbele ya mkulima. Ya pili ilionyesha kilo zilizolipwa. Kreti kumi na nne za mjane mmoja, ambaye Neema alimsaidia kuzishusha kwenye mkokoteni kwa mikono yake mwenyewe, zilikuwa kilo 280 upande wa kushoto. Upande wa kulia zilikuwa 231. Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine, na kote hali ilikuwa ileile. Hata mwandiko ulikuwa mmoja, wa herufi zilizolala kulia kama mtama uliopigwa na upepo. Aliufahamu. Ndio uliotia saini barua yake ya ajira.

Aliegemeza mkono kwenye injini ili asome vizuri zaidi.

Aliuondoa haraka.

Chuma kilikuwa cha moto.

Dizeli ilikwisha Jumatatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika barua ya kuomba nyingine, na barua hiyo haikujibiwa. Leo ilikuwa Alhamisi. Tangu Jumatatu hakuna maji yaliyofika shambani, na tangu Jumatatu kufuli hili lilikuwa na ufunguo mmoja tu, ule ambao mlinzi mzee alimwekea mkononi akimwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usiende mchana."

Alizima tochi.

Mbwa mmoja alibweka mbali, upande wa kijijini. Akanyamaza. Kisha changarawe ikalia.

Hatua. Mtu mmoja. Alitembea bila haraka, kama anayejua njia, na hakuwa na taa. Neema akainama, akajibanza nyuma ya pipa, akalikumbatia daftari kifuani. Harufu ya mafuta ilimwingia puani. Kulikuwa na harufu nyingine chini yake, kali kidogo, ambayo hakuweza kuitambua.

Hatua zilifika mlangoni. Zilisimama.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya kunong'ona tu, isiyo na umri. Neema hakujibu. Aliwaza juu ya kufuli lililokuwa mfukoni mwake, zito kama jiwe, na ndipo alipolielewa kosa lake: mlango usio na kufuli nje, huku umekazwa kwa ndani, unatangaza wazi kwamba kuna mtu.

"Hodi."

Mkono ulipapasa mbao. Ulitafuta pale kufuli lilipopaswa kuwa. Haukulikuta. Komeo lilitikisika kidogo, likatulia. Neema alianza kuhesabu pumzi zake, kama alivyofundishwa utotoni na bibi yake kule Mpwapwa, wakati wa radi. Moja. Mbili. Harufu ile ilimrudia puani, safari hii kwa nguvu zaidi, na sasa aliitambua. Ilikuwa ugoro. Mlinzi mzee alikuwa akinusa ugoro.

Haikutoka nje.

"Hodi," ilisema ile sauti kwa mara ya tatu, taratibu zaidi.

Kimya kikafuata. Mtu mwenye adabu angeondoka. Neema alisubiri hatua zigeuke, zikanyage changarawe, zififie kuelekea barabarani. Hazikugeuka. Upepo ulikuwa umekata, waya zote zilikuwa zimenyamaza, na katika utulivu huo alisikia kitu kikisogea taratibu nyuma ya mgongo wake, kwenye kona ya mbali, mahali palipokuwa na rundo la nyavu.

Kikohozi kidogo. Cha mtu anayesafisha koo.

Kisha, ndani ya chumba alichokifungua kwa mkono wake mwenyewe, mtu aliitikia.

"Karibu."