Kutoa DNA kwenye ndizi: karatasi ya zoezi la maabara, Kidato cha Tatu

Zoezi hili ni la vipindi viwili vinavyofuatana, Alhamisi asubuhi. Mtafanya kwa makundi manne, A hadi D, na kila kundi litafanya kitu kimoja tofauti na wenzake. Someni karatasi yote kabla ya kushika chombo chochote, hasa sehemu ya sabuni, chumvi na alkoholi. Kuona uzi mweupe kwenye testi tyubu ni raha, lakini alama zenu zitatokana na kueleza kwa nini umeonekana.

Kwa nini ndizi

Tutatumia ndizi kisukari zilizoiva hadi ganda kuanza madoa meusi. Ndizi mbichi haifai. Ikiiva, vimeng'enya vyake vyenyewe vinalegeza kuta za seli, ndiyo maana inapondeka kwa vidole. Wanga nao umegeuka sukari, hivyo mchanganyiko hauwi uji mzito unaokataa kuchujika.

Tena ndizi ina DNA ya kutosha. Ndizi nyingi zinazolimwa zina seti tatu za kromosomu, jumla 33, badala ya seti mbili kama zetu. Seti moja ina jozi za besi milioni 520 hivi. Kila jozi inachukua nanomita 0.34 za urefu, kwa hiyo DNA ya seli moja tu ya ndizi, ikinyooshwa na kuunganishwa mwisho kwa mwisho, inakaribia nusu mita. Yote hiyo imekunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Pigeni hesabu hiyo wenyewe kwenye daftari kabla ya kuja maabara, nitaikagua mlangoni.

Vifaa kwa kila kundi

Gramu 50 za ndizi iliyomenywa, mfuko wa plastiki mgumu wenye zipu, bika mbili, chujio la chai na kitambaa cha chachi, testi tyubu ndefu, kijiti cha mishikaki, kipimajoto, bakuli la barafu, na etanoli ya asilimia 95 iliyolala kwenye friza tangu jana. Etanoli haigandi humo, kwani inaganda kwenye nyuzi 114 chini ya sifuri. Sufuria la maji moto litakuwa moja, mezani kwangu.

Mchanganyiko wa kutolea DNA ni huu: maji mililita 90, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo mililita 10, chumvi ya mezani gramu 3. Koroga taratibu chumvi iyeyuke. Ukikoroga kwa nguvu utapata povu, na povu litakusumbua hadi mwisho.

- Kundi A: mchanganyiko kamili, etanoli baridi.
- Kundi B: bila sabuni. Ongezeni maji mililita 10 badala yake.
- Kundi C: bila chumvi.
- Kundi D: mchanganyiko kamili, lakini etanoli iliyokaa mezani kwenye joto la chumba.

Tahadhari

Etanoli inawaka moto, na mvuke wake unasafiri juu ya meza. Maji yatachemshwa na kupimwa joto mapema, jiko litazimwa, ndipo chupa za etanoli zitolewe friza. Hakuna mwali wowote maabara kuanzia hapo. Etanoli hii ya maabara inaweza kuwa imetiwa methanoli, ambayo inapofusha na kuua: hainywewi, hailambwi, hata tone. Ndizi iliyoingia maabara nayo hailiwi.

Hatua

1. Tieni ndizi kwenye mfuko, toeni hewa, fungeni, pondeni kwa vidole hadi mabonge yaishe. Msitumie blenda. Visu vyake vinakata nyuzi za DNA vipande vipande, na vipande vifupi havishikani na kijiti.

2. Mimineni mililita 50 za mchanganyiko wenu ndani ya mfuko. Bonyezabonyezeni polepole kwa dakika mbili.

3. Zamisheni mfuko kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 15. Joto hili linaisaidia sabuni na pia linadhoofisha vimeng'enya vinavyokata DNA. Likizidi sana, DNA yenyewe inaanza kuharibika. Mwenye kipimajoto asiondoke hapo.

4. Hamishieni mfuko kwenye barafu kwa dakika 5.

5. Chujeni kupitia chachi iliyowekwa juu ya chujio. Acheni majimaji yadondoke yenyewe. Mkikamua, nyuzinyuzi za tunda zitapita na mtazidhania DNA.

6. Wekeni mililita 5 za majimaji hayo kwenye testi tyubu. Ilazeni kidogo, kisha teremsheni mililita 10 za etanoli polepole sana ikifuata ukuta wa tyubu. Etanoli ni nyepesi kuliko maji, hivyo italala juu kama tabaka safi. Mkiimwaga kwa pupa, matabaka yatachanganyika na mpaka utapotea.

7. Simamisheni tyubu kwenye barafu, msiitikise. Tazameni mpaka kati ya matabaka mawili kwa dakika 10. Kwanza mtaona ukungu, kisha viputo vidogo vimenasa kwenye kitu cheupe kinachopanda juu. Ingizeni kijiti na kukizungusha upande mmoja tu, polepole. Nyuzi zitajisokota humo.

Sabuni

DNA imefungiwa ndani ya tabaka mbili za utando: utando wa seli na utando wa kiini. Zote zimejengwa kwa fosfolipidi, yaani mafuta yenye kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Molekuli ya sabuni ina umbo la namna hiyo hiyo. Inajipenyeza katikati ya fosfolipidi, inazitenganisha, na kuzizunguka katika vifurushi vidogo vinavyoelea majini, vilevile inavyoyang'oa mafuta kwenye sufuria la nyama. Utando unasambaratika na DNA inamwagika nje.

Kazi haiishii hapo. DNA ya ndizi imeviringwa kwenye protini ziitwazo histoni. Sabuni inasaidia kuzikunjua protini na kuzilegeza mshiko wake.

Ukuta wa seli, uliojengwa kwa selulosi, hauyeyushwi na sabuni. Huo umeshughulikiwa na kuiva na vidole vyenu. Wengi huliandika hili vibaya kwenye mtihani: sabuni ni ya utando, si ya ukuta.

Chumvi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi hukariri bila kuelewa.

Uti wa DNA ni mnyororo wa sukari na fosfeti, na kila fosfeti ina chaji hasi. Uzi mmoja unabeba mamilioni ya chaji hasi. Chaji zinazofanana husukumana, kwa hiyo nyuzi za DNA zikiwa majini zinakimbiana, kila mmoja kivyake, umezungukwa na molekuli za maji. Namna hiyo haziwezi kukusanyika.

Chumvi ikiyeyuka inatoa ioni za sodiamu, Na⁺. Hizi zinavutwa kwenye fosfeti na kufunika chaji hasi. Msukumano unapungua, na nyuzi sasa zinaweza kukaribiana. Chumvi pia inalegeza mvutano kati ya DNA na histoni, kwa kuwa histoni zenyewe zina chaji chanya.

Lakini angalieni: baada ya kutia chumvi, majimaji yenu bado yanaonekana vilevile. DNA haijatoka kwenye maji. Maji yanazizunguka ioni za sodiamu na kudhoofisha mshiko wake kwenye fosfeti. Chumvi imeandaa mambo. Inahitaji mwenzake wa kuyamaliza.

Alkoholi, na kwa nini iwe baridi

Etanoli inapokutana na majimaji, mshiko wa sodiamu na fosfeti unakuwa imara, kwa sababu etanoli ni dhaifu kuliko maji katika kuzitenganisha chaji chanya na hasi. DNA iliyofunikwa chaji zake haipendi tena kukaa ndani ya mchanganyiko ule. Inatoka, nyuzi zinashikana, na mnaona kitu cheupe. Sukari na chumvi, kwa sehemu kubwa, zinabaki chini kwenye maji.

Unene wa uzi mmoja wa DNA ni nanomita 2, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Kwa hiyo mnachokiona kwenye kijiti ni nyuzi nyingi mno zilizoshikana, wala si uzi mmoja. Asiandike mtu kwamba ameona umbo la ngazi iliyosokotwa. Umbo hilo lilijulikana mwaka 1953 kwa msaada wa picha za miale ya eksirei, tena kwa hesabu ndefu.

Ubaridi una kazi mbili. Unapunguza zaidi uwezo wa DNA kuyeyuka, na unavituliza vimeng'enya vya kukata DNA vilivyosalimika kwenye maji moto. Kundi D, msishangae mkipata kitu: etanoli ya joto la chumba nayo hutoa DNA. Linganisheni muda, wingi na urefu wa nyuzi zenu na za kundi A.

Kabla ya kushangilia

Kitu cheupe si DNA tupu. Kina RNA, mabaki ya protini, na hasa pektini, ambayo pia hutoka kwenye maji ikikutana na alkoholi. Pektini ni yale mambo yanayoifanya jamu igande. Kwa kawaida huonekana kama ute wa jeli wenye viputo, wakati DNA huvutika kama uzi na kujisokota kijitini. Kundi B, mnaweza kupata ute mwingi bila sabuni hata kidogo; msiseme haraka kwamba sabuni haina kazi. Kuponda nako kumepasua baadhi ya seli.

Kundi C nao wana mtego wao. Ndizi yenyewe ina potasiamu, miligramu 350 hivi katika kila gramu 100, na sabuni nyingi za maji zina sodiamu ndani yake. Glasi yenu "isiyo na chumvi" ina ioni chanya tayari. Nataka nione mmelifikiria hilo kwenye ripoti.

Friedrich Miescher, aliyeitenga DNA kwa mara ya kwanza mwaka 1869 mjini Tübingen, Ujerumani, aliitoa kwenye usaha wa bandeji za hospitali. Alichokipata nacho hakikuwa safi, akakiita nuklini na kuendelea kukisafisha.

Maswali ya ripoti

1. Chora tyubu ya kundi lako na ya kundi A baada ya dakika 10. Onyesha matabaka na mahali kitu cheupe kilipo.
2. Kwa nini chumvi peke yake haikutosha kuitoa DNA kwenye maji?
3. Pendekeza jaribio moja la kuonyesha kama ute wa kundi B ni pektini au DNA. Eleza utakachotarajia kuona kwa kila jibu.
4. Juisi ya nanasi bichi ina kimeng'enya kinachovunja protini. Ukiongeza matone machache kabla ya hatua ya 6, unatarajia mabadiliko gani, na kwa nini?
5. Kwa nini glasi ya kundi C si kipimo kamili cha kazi ya chumvi? Ungeirekebisha vipi?

Etanoli iliyotumika mimineni kwenye chupa yenye lebo nyekundu, si kwenye sinki. Mabaki ya ndizi yaende kwenye ndoo ya taka ya maabara, mifuko ioshwe na kuanikwa dirishani. Ripoti, moja kwa kila mwanafunzi, ziletwe ofisi ya idara Jumatatu kabla ya mstari wa asubuhi.