Ripoti ya Mapitio ya Hatari ya Ubadhirifu: Fedha Taslimu za Duka

Kwa: Mkurugenzi, duka la vifaa vya ujenzi, Morogoro
Kutoka: Mhasibu wa nje
Kipindi kilichopitiwa: Oktoba hadi Desemba 2024

Ndugu Mkurugenzi,

Uliniita baada ya droo kupungua Sh 640,000 mwishoni mwa Novemba, ukataka kujua nani kachukua. Ripoti hii haimtaji mtu. Ushahidi sina, na kwa jinsi fedha inavyoshikwa hapa, hata mtu akikiri leo vitabu vyako haviwezi kuthibitisha wala kukanusha maneno yake.

Nimepima duka kwa pembetatu ya udanganyifu. Msingi wake ni kazi ya Mmarekani Donald Cressey, aliyewahoji wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa na kutoa matokeo yake mwaka 1953: mtu ana shida asiyoweza kumweleza yeyote, anaona mwanya wa kuitatua kwa siri, na ana maneno ya kujihalalishia.

Shinikizo

Wafanyakazi wawili kati ya watano waliniambia wenyewe kwamba wana mikopo ya kausha damu. Utaratibu wa kukopa mshahara ulioufuta mwaka juzi ulikuwa ukiwasaidia, hasa Januari ya ada. Shida hizo huwezi kuzizuia, ila shinikizo moja umelitengeneza wewe: keshia hukatwa kila upungufu, papo hapo, bila uchunguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu hivyo. Mfanyakazi anatakiwa aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira.

Matokeo yake yanaonekana daftarini. Kwa miezi mitatu umeandikwa upungufu mara tisa, ziada hakuna hata siku moja. Anayehesabu noti kutwa nzima hukosea pande zote mbili. Ziada zinawekwa pembeni zije kuziba upungufu, nami siwezi kumlaumu sana keshia kwa hilo, lakini tayari kuna fedha ya duka inayoishi nje ya daftari.

Mwanya

Hapa ndipo penye kazi. Keshia mmoja anapokea fedha, anaandika daftari, anapeleka benki na anatunza slipu. Benki inaendewa Jumatatu na Alhamisi, kwa hiyo droo hulala na hadi Sh 7,000,000. Ripoti Z ya mashine ya EFD hutolewa kila jioni na kubanwa kwenye faili. Hakuna anayeilinganisha na daftari.

Nilichukua malipo 20 ya wateja wa mkopo. Sita yaliingia daftarini siku 4 hadi 9 baada ya tarehe ya risiti ya mteja. Huenda ni uzembe. Lakini ndivyo pia inavyokuwa pale fedha ya mteja wa kwanza inapotumika, kisha ya mteja wa pili ikaziba pengo lake, na mzunguko ukaendelea. Aliye katika mchezo huo hawezi kwenda likizo, na keshia wako hajachukua likizo tangu 2022. Nasisitiza: hata anayependa kazi yake anaweza kukosa likizo.

Kuna pia malipo ya simu. Wateja watatu walisema waliambiwa lipa namba inasumbua, wakatuma kwenye namba binafsi ya mfanyakazi.

Mwanya mkubwa kuliko yote ni wewe, Mkurugenzi. Daftari lina mistari 11 iliyoandikwa “Bosi”, jumla Sh 3,450,000, bila sahihi. Ulipoiona ulikumbuka mitano tu. Leo yeyote akipungukiwa anaweza kuandika neno hilo, na hakuna atakayethubutu kukuuliza.

Kujihalalishia

Nilisikia sentensi mbili mara kwa mara: “Mwenyewe anachukua tu,” na “Tunaazima, tunarudisha.” Ndani ya droo nilikuta chiti nne za kuazima, ya zamani kabisa ikiwa ya Agosti. Wanaoazima hawajioni wezi.

Hatua

Kuanzia Jumatatu, fedha ipelekwe benki kila siku na mtunza stoo, si keshia. Wewe au mkeo mlinganishe ripoti Z, daftari, slipu na taarifa ya lipa namba. Ukihitaji fedha, saini vocha kama mtu mwingine yeyote. Bandika dirishani kwamba malipo ni kwa lipa namba ya duka pekee. Makato ya kienyeji yakome, na ziada iandikwe kama upungufu unavyoandikwa. Rudisha mkopo wa mshahara, wenye kikomo. Keshia apewe likizo ya siku 28 mfululizo Februari, mtu mwingine akae kaunta, na mimi nitume taarifa za salio kwa wateja wote wa mkopo wakati huo.

Hesabu ya kushtukiza ya droo nitaifanya mwenyewe kabla ya Februari. Siku yake sitaitaja, hata kwako.

Mhasibu wa nje
Morogoro, 10 Januari 2025