Maombi ya marejeo ya hukumu, shauri la madai namba 41 la 2024

Mheshimiwa Hakimu Mkazi, shikamoo.

Mimi ndo nilikuwa mdaiwa kwenye hili shauri, na naleta maombi chini ya kifungu cha 78 na Amri ya 42 kanuni ya 1 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, mahakama iipitie tena hukumu yake ya tarehe 12 Mei 2025. Leo ni tarehe 2 Juni kwahiyo zile siku 30 za Sheria ya Ukomo hazijaisha, na rufaa sijakata.

Niliamriwa nilipe shilingi 8,400,000, bei ya magunia 60 ya mchele kwa 140,000 kila gunia. Mzigo nilipokea na bei ni hiyohiyo, hapo sibishi hata kidogo.

Shida iko ukurasa wa 7 wa hukumu, imeandikwa kwamba mdaiwa "hakuleta maandishi yoyote" ya kuonyesha alilipa. Mheshimiwa naomba ufungue mwenendo wa shauri ukurasa wa 23, pale slipu ya benki ya 5,000,000 ilipokelewa ikawa Kielelezo D2, na wakili wa mdai alipoulizwa akasema hana pingamizi. Siombi ushahidi upimwe upya maana najua hiyo ni kazi ya rufaa, naomba tu karatasi mbili za faili hilihili ziwekwe pamoja, kosa linaonekana bila mtu kueleza sana.

La pili ni ushahidi mpya. Kwenye ushahidi wangu nilisema nilimpa msimamizi wa ghala la mdai keshi 2,000,000 na risiti ikaharibika na mafuriko. Niliomba huyo msimamizi aitwe, samansi ikatoka ila ikarudi haijamfikia kwasababu alishaacha kazi akahama mkoa, wito na majibu yake vyote viko kwenye faili. Tarehe 21 Mei ndugu yake akanipa namba yake, nikampigia, kumbe kitabu cha risiti bado anacho na kishina cha malipo yangu kipo na sahihi yake. Najua sheria inataka hili lithibitishwe kwelikweli ndo maana naambatanisha kiapo changu, kiapo chake na kopi ya kishina, orijino ataileta mwenyewe siku ya kusikilizwa.

Kwahiyo deni halali ni 1,400,000 na niko tayari kuilipa.

Naomba mdai apewe taarifa aje ajibu, hukumu irekebishwe isomeke 1,400,000, gharama pia ziangaliwe upya, na kukaza hukumu kusimame kwanza mpaka maombi haya yaamuliwe maana dalali wa mahakama ameshakuja kuandika mashine yangu ya kukoboa, ndo inayolisha familia na ndo nategemea nilipie hilo deni lililobaki.

Mwombaji, aliyekuwa mdaiwa
2 Juni 2025
Nakala: mdai, kupitia wakili wake